Sababu za rufaa: kulitaja kosa bila kuanza kulibishania

Amri ya 39, kanuni ya 1(2) ya Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania, Sura ya 33, inataka hati ya rufaa, au memoranda ya rufaa kama wengi wanavyoiita, ieleze kwa ufupi sababu za kuipinga tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu. Kila sababu ikae chini ya kichwa chake, zipewe namba zinazofuatana, na pasiwepo ubishi wala masimulizi. Kenya wana maneno karibu yaleyale katika Amri ya 42 ya Kanuni zao za Mwenendo wa Madai za 2010, na Uganda katika Amri ya 43. Rufaa inayokwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania inatawaliwa na kanuni ya 93(1) ya Kanuni za 2009, ambayo inaongeza kwamba mrufani ataje hasa ni mambo gani yaliamuliwa vibaya na ni amri ya namna gani ataiomba mahakama.

Masharti haya yanaonekana kugombana. Ukiambiwa utaje kosa mahususi, mkono unavutwa kueleza kwa nini ni kosa, na ghafla unabisha. Ukiambiwa usibishe, unakimbilia sentensi ya jumla isiyosema kitu: hakimu alikosea kisheria na kiukweli kwa kutotathmini ushahidi ipasavyo. Hati nyingi mbovu zimeanguka upande mmoja au mwingine wa mtaro huu, na nyingine zimeanguka pande zote mbili katika ukurasa mmoja.

Mgongano huo unaisha ukitenganisha vitu viwili. Kulitaja kosa ni kusema mahakama iliamua nini, na iliteleza wapi katika kufikia uamuzi huo. Kulithibitisha kosa ni kuonyesha, kwa ushahidi, vifungu na kesi zilizotangulia, kwamba hapo kweli iliteleza. La kwanza ni kazi ya hati ya rufaa. La pili linasubiri siku ya kusikilizwa, au mawasilisho ya maandishi mahakama ikielekeza hivyo. Sababu nzuri ya rufaa humfanya jaji ajue kabisa mgogoro uko wapi huku akiwa bado hajui nani atashinda.

Tuchukue shauri la kubuni, lakini la aina inayofika Mahakama Kuu kila mwezi. Mfanyabiashara wa mahindi anamshtaki mwenye kinu cha kusaga katika Mahakama ya Wilaya. Anasema alimpelekea magunia 200 kwa bei ya shilingi 70,000 kila moja, jumla shilingi milioni 14, akalipwa milioni 6, na sasa anadai milioni 8 zilizobaki pamoja na fidia. Mwenye kinu anajibu kwamba alipokea magunia 140 tu. Anaongeza kwamba 20 kati ya hayo yalikuwa na ukungu na mdai alikubali yasilipiwe. Mahakama inaweka hoja tatu za kuamuliwa: magunia yalikuwa mangapi, kama kulikuwa na makubaliano kuhusu magunia 20 yenye ukungu, na kila upande unastahili nini.

Mdai analeta nakala kivuli ya hati ya kupokelea mzigo. Wakili wa mdaiwa anapinga, mahakama inatupa pingamizi kwa sentensi moja na kuipokea kama Kielelezo P2. Mwenye kinu anatoa ushahidi mwenyewe kama SU1, yaani shahidi wa kwanza wa utetezi, na mtunza ghala wake, SU2, anaeleza kwamba alihesabu magunia 140. Hukumu inatoka: mdaiwa alipe milioni 8, fidia ya jumla milioni 5, na riba ya asilimia 20 kwa mwaka kuanzia siku ya hukumu hadi atakapomaliza kulipa. Kuhusu ukungu, hukumu iko kimya.

Hii ndiyo hati ambayo mwenye kinu angeandikiwa na mtu mwenye haraka:

"1. Kwamba Mheshimiwa Hakimu alikosea kisheria na kiukweli kwa kushindwa kutathmini ushahidi wote ipasavyo na hivyo kufikia uamuzi usio wa haki.

2. Kwamba Mheshimiwa Hakimu alikosea kumwamini mdai ilhali ni wazi alidanganya, kwani SU2, aliyekuwepo ghalani tangu asubuhi lori lilipofika, alieleza vizuri sana namna alivyohesabu gunia moja moja mbele ya dereva na utingo, na Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa.

3. Kwamba hukumu ni mbovu kisheria."

Sababu ya kwanza inaweza kubandikwa kwenye rufaa yoyote duniani, ya mahindi, ya ndoa au ya mpaka wa shamba, na hilo ndilo tatizo lake. Mjibu rufaa hawezi kujiandaa kuijibu na jaji hajui aanze kusoma ukurasa gani wa mwenendo, yaani kumbukumbu za yaliyotokea mahakamani. Uganda, mahakama za rufaa zimezoea kuzifuta sababu za namna hii kabla hazijasikilizwa. Kwa Tanzania, Amri ya 39, kanuni ya 3 inairuhusu mahakama kuikataa hati isiyofuata utaratibu, kuirudisha irekebishwe ndani ya muda itakaoupanga, au kuirekebisha papo hapo. Majaji wengi huwa wavumilivu, hasa kwa mrufani asiye na wakili. Kutegemea uvumilivu wa mtu usiyemjua hata hivyo si mkakati.

Sababu ya pili ina kosa la upande mwingine. Ina "kwani", ina lori, dereva na utingo, na imeita kesi zilizotangulia bila kuitaja hata moja. Ukiondoa hayo yote, kinachobaki ni malalamiko kwamba ushahidi wa SU2 haukuzingatiwa katika kuamua idadi ya magunia. Hicho ndicho kilichotakiwa kuandikwa. Ya tatu haina cha kuokoa.

Sasa tuiandike upya. Kazi haianzii kwenye karatasi tupu bali kwenye hukumu yenyewe, ukiwa na kalamu. Pitia kila aya na uwekee alama kila mahali mahakama ilipoamua jambo, si mahali iliposimulia ushahidi wa pande mbili. Hukumu ya kurasa 18 inaweza kuwa na maamuzi sita au saba tu ya kweli, na yaliyobaki ni muhtasari. Kwa kila uamuzi andika pembeni mambo matatu: ukurasa ulipo, mahakama iliegemea nini, na upande wa mteja wako uliweka nini kwenye kumbukumbu kuhusu jambo hilo. Kisha fungua mwenendo uhakikishe, maana hukumu wakati mwingine husema shahidi alisema jambo ambalo mwenendo hauna.

Katika shauri letu orodha inatoka fupi. Mahakama iliipokea P2 ikiwa nakala kivuli. Kwa kuitegemea, na bila kuugusa ushahidi wa SU2, iliona magunia yalikuwa 200. Ilisema mdaiwa "ameshindwa kuthibitisha kwamba hakupokea magunia 60". Haikuamua hoja ya pili. Ilitoa milioni 5 bila kueleza ilizipataje. Iliweka riba ya asilimia 20. Kila kimoja kati ya hivi kinaweza kuwa sababu ya rufaa, na hakuna kingine nje ya hivi kinachoweza kuwa. Ukijikuta unaandika sababu isiyo na uamuzi wake kwenye orodha, ujue unapinga jambo ambalo mahakama haikulisema.

Hati inakuwa hivi:

"1. Mahakama ilikosea kisheria kwa kupokea na kutegemea Kielelezo P2, ambacho ni nakala kivuli, bila mdai kuonyesha sababu ya kutoletwa kwa hati halisi, licha ya pingamizi la mdaiwa.

2. Mbadala wa sababu ya 1, mahakama ilikosea kiukweli kwa kuona kwamba mdaiwa alipokea magunia 200, ilhali Kielelezo P2 hakina saini ya mdaiwa wala ya mfanyakazi wake.

3. Mahakama ilikosea kisheria kwa kufikia uamuzi kuhusu idadi ya magunia bila kuuzingatia kabisa ushahidi wa SU2.

4. Mahakama ilikosea kisheria kwa kumbebesha mdaiwa jukumu la kuthibitisha kwamba hakupokea magunia 60.

5. Mahakama ilikosea kisheria kwa kutoamua hoja ya pili, iliyohusu makubaliano ya kutolipia magunia 20.

6. Mahakama ilikosea kisheria kwa kutoa fidia ya jumla ya shilingi 5,000,000 bila kutoa sababu.

7. Mahakama ilikosea kisheria kwa kuweka riba ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya deni la hukumu, kinyume na Amri ya 20, kanuni ya 21 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai."

Hakuna sababu iliyozidi sentensi moja, wala penye "kwani", wala penye kesi iliyonukuliwa. Hata hivyo mjibu rufaa anajua afungue P2, ushahidi wa SU2, orodha ya hoja na aya ya mwisho ya hukumu. Kuna kipimo rahisi cha kujua kama umevuka mpaka. Soma sababu yako kisha jiulize kama mjibu rufaa angeweza kukubali kila tukio lililotajwa humo na bado akasema hapakuwa na kosa. Katika sababu ya 1, anaweza kukiri kwamba P2 ni nakala kivuli na pingamizi lilikuwepo, halafu akabisha kwamba mazingira yaliruhusu nakala. Basi umetaja mambo yaliyomo kwenye kumbukumbu na ubishi umeuacha kwa baadaye. Lakini sababu ikisema "mdai alidanganya", hawezi kukubali tukio hilo bila kushindwa palepale. Umeanza kubisha.

Kutaja kifungu si kubisha. Sababu ya 7 inataja Amri ya 20, kanuni ya 21 kwa sababu kosa lenyewe ni kuvunja kanuni hiyo: riba ya deni la hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka, na inaweza kupanda hadi asilimia 12 tu pale wahusika wanapokubaliana waziwazi kwa maandishi, au hukumu inapotolewa kwa maridhiano. Asilimia 20 haina mlango wa kupitia. Angalia tu toleo la sheria unalotumia. Toleo la 2023 la sheria za Tanzania limebadilisha namba za vifungu katika sheria kadhaa, na sababu inayotaja kifungu kwa namba ya zamani inampa mpinzani kicheko cha bure. Pale usipokuwa na uhakika wa namba, taja kanuni ya kisheria kwa maneno, kama ilivyofanyika katika sababu ya 4 kuhusu jukumu la kuthibitisha.

Jambo linalostahili muda zaidi ni kutenganisha sheria na ukweli. Mazoea ya kuanza kila sababu kwa "alikosea kisheria na kiukweli" yanaonekana kama tahadhari, kana kwamba anayetaja vyote viwili hakosi kimoja. Katika rufaa ya kwanza madhara yake hayaonekani haraka. Mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya na kufikia maamuzi yake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Hiyo ndiyo kanuni ya Selle dhidi ya Associated Motor Boat ya 1968, inayonukuliwa mpaka leo katika Afrika Mashariki. Mlango wa ukweli uko wazi, kwa hiyo mrufani anapita na mzigo wowote.

Shida inakuja ngazi ya pili. Mahakama mbili zikishakubaliana kuhusu ukweli, Mahakama ya Rufani haiingilii isipokuwa kwa nadra, kwa mfano pale ushahidi ulipoeleweka vibaya au kanuni ya sheria ilipovunjwa. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo haliwezi hata kufika Mahakama ya Rufani bila cheti cha Mahakama Kuu kinachothibitisha kwamba kuna hoja ya kisheria. Kenya, rufaa ya pili ya madai ni kwa mambo ya sheria tu. Na hoja ambayo haikutolewa na kuamuliwa katika rufaa ya kwanza kwa kawaida haisikilizwi katika ya pili, isipokuwa ni ya kisheria. Kwa hiyo namna unavyoiandika sababu leo inaamua kama itakuwa hai miaka mitatu ijayo.

Hapo ndipo inapofaa kutazama tena sababu za 2 na 3. Zote zinashambulia idadi ya magunia. Ya 2 inasema ushahidi uliopimwa ulipimwa vibaya, na hilo ni la ukweli. Ya 3 inasema kipande cha ushahidi hakikupimwa kabisa, na mahakama inayoamua bila kutazama ushahidi muhimu wa upande mmoja imekosea kisheria. Tofauti ni ileile kati ya kusema ushahidi hautoshi na kusema ushahidi haupo. Uamuzi usio na ushahidi wowote nyuma yake ni kosa la kisheria. Uamuzi wenye ushahidi dhaifu ni suala la ukweli. Kupokea kielelezo kisichostahili, kugeuza jukumu la kuthibitisha, kusoma mkataba wa maandishi tofauti na unavyosema, kuacha hoja bila kuamuliwa: yote hayo ni ya kisheria, hata kama yanagusa magunia na mizani. Mwandishi makini anatafuta umbo la kisheria ndani ya malalamiko ya ukweli, halafu analiandika peke yake. Laiti sababu za 2 na 3 zingeunganishwa, Mahakama Kuu ingeweza kuzijibu kwa pamoja kwa kusema "tumeupitia ushahidi na tunaafiki", na hoja ya SU2 ingezikwa ndani ya uamuzi wa ukweli.

Usidanganye aina ya kosa, lakini. Kuandika "ilikosea kisheria kwa kumwamini mdai" hakulifanyi suala la kuaminika kwa shahidi kuwa la kisheria. Jaji huangalia kilichomo, si lebo.

Neno "mbadala" mwanzoni mwa sababu ya 2 linafanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Sababu ya 1 inasema P2 isingepaswa kuwepo, na ya 2 inaisoma P2 na kuitumia. Bila neno hilo, mpinzani atasimama aseme mrufani mwenyewe anaitegemea hati anayoipinga. Palipo na sababu mbili zisizoweza kuwa kweli kwa pamoja, sema ipi inakuja kwanza na ipi inasubiri ya kwanza ishindwe.

Maneno "licha ya pingamizi la mdaiwa" nayo hayakuwekwa kwa urembo. Sababu ya rufaa haiwezi kuhifadhi jambo ambalo halikuhifadhiwa kwenye kesi ya awali. Kielelezo kilichopokelewa bila mtu kusema neno ni kigumu kukipinga juu, na jambo ambalo halikuwemo kwenye hati ya madai wala ya utetezi kwa kawaida halipewi nafasi, kwa sababu wahusika wanafungwa na walichokiandika humo. Mamlaka ya mahakama kusikiliza shauri ni tofauti: yanaweza kuhojiwa hatua yoyote, na hoja hiyo ikiwepo iwekwe namba moja, maana ikikubaliwa mengine yote hayana haja. Kabla ya kuandika kwamba pingamizi lilikuwepo, litafute kwenye mwenendo. Ikiwa wakili alipinga kwa mdomo na hakimu hakuandika, mwenendo ndio utakaoaminiwa, kwa sababu kumbukumbu za mahakama huchukuliwa kuwa sahihi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kila sababu sasa itafutiwe amri yake. Watu huandika sababu saba nzuri halafu wakamalizia na "rufaa ikubaliwe na gharama", wakimwachia jaji akisie. Katika shauri letu hesabu inajisemea. Sababu ya 1 au mbadala wake wa 2 ikifaulu, pamoja na za 3 na 4, magunia ni 140, sawa na shilingi 9,800,000. Ukitoa milioni 6 zilizolipwa, deni ni 3,800,000. Sababu ya 5 ikifaulu pia na mahakama ikaamua hoja ya ukungu kwa faida ya mrufani, linashuka tena kwa 1,400,000 na kubaki 2,400,000. Maombi yaandikwe hivyohivyo: milioni 8 ziondolewe na nafasi yake ichukuliwe na 2,400,000, au kwa mbadala 3,800,000, fidia ya milioni 5 ifutwe, riba iwe asilimia 7. Kwa sababu ya 5 ongeza kwamba Mahakama Kuu iamue hoja hiyo yenyewe kwa ushahidi uliopo, au kwa mbadala irudishe shauri chini ili iamuliwe. Kuomba hukumu yote ifutwe wakati mteja mwenyewe alikiri kwenye utetezi wake kwamba anadaiwa kiasi fulani kunaipunguzia hati nzima heshima.

Idadi ya sababu haina kikomo cha kisheria. Lakini hati yenye sababu 23 kwa kawaida ina tano zilizorudiwa kwa maneno tofauti, na jaji huzifupisha yeye mwenyewe kuwa tano, kwa namna ambayo huenda mrufani asiipende. Urudufu hujificha pale sababu moja inapolalamikia uamuzi na nyingine inalalamikia matokeo ya uamuzi uleule. "Ilikosea kuona magunia ni 200" na "ilikosea kuagiza mdaiwa alipe milioni 8" ni kitu kimoja. Ziunganishe, na matokeo yapeleke kwenye maombi. Usiunganishe makosa mawili tofauti kwa "na" ili kupunguza idadi, kwa mfano fidia na riba katika sababu moja, kwa sababu yakijibiwa moja na kusahauliwa jingine hutakuwa na pa kushika.

Lugha iwe ya adabu na ilenge uamuzi, si aliyeuandika. Hakimu hakupuuza kwa makusudi wala hakuegemea upande, labda upendeleo ndio sababu yenyewe na uko kwenye kumbukumbu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya utoaji haki Tanzania, hati inaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila wasiwasi. Tumia maneno yaleyale ya hukumu kwa vitu vilevile. Hukumu ikiita karatasi "hati ya kupokelea mzigo", usiiite risiti katika sababu ya 1 na stakabadhi katika ya 2.

Rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu katika shauri la madai kama hili hufunguliwa ndani ya siku 90, na muda uliohitajika kupata nakala ya tuzo hautahesabiwa. Omba nakala kwa barua mara hukumu inaposomwa na utunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa, ili kumbukumbu yenyewe ionyeshe muda huo. Nakala ikifika, linganisha tarehe: tuzo inapaswa kubeba tarehe ileile ya kutolewa kwa hukumu. Zikitofautiana, irudishe irekebishwe kabla hujaiambatisha.

Ukigundua baadaye kwamba umeacha jambo, njia ipo lakini ni ya kuomba. Kanuni ya 2 ya Amri ya 39 inamzuia mrufani kusikilizwa juu ya sababu isiyomo kwenye hati bila idhini ya mahakama, na kanuni ya 113 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani inafanana nayo. Mahakama yenyewe haifungwi na sababu zilizoorodheshwa, ila haiwezi kuamua kwa sababu mpya bila kumpa atakayeathirika nafasi ya kutosha ya kuijibu. Omba idhini mapema, kwa maandishi, na uambatishe sababu mpya ikiwa imeandikwa tayari kwa umbo lile lile la sentensi moja. Kuipenyeza ndani ya mawasilisho kana kwamba ilikuwepo tangu mwanzo hakusaidii. Mpinzani ataweka hati na mawasilisho sambamba, aonyeshe kwamba aya ya 14 haina mzazi kwenye hati, na aya hiyo haitasomwa tena. Kinyume chake pia hutokea: sababu iliyomo kwenye hati lakini isiyoguswa kwenye mawasilisho huchukuliwa kuwa imeachwa. Kama unaiacha kwa hiari, sema hivyo waziwazi na utaje namba yake.